Gego lililovunjika hadi kwenye ufizi: kutibu mzizi au kung'oa?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, mwanamke wa miaka 41. Gego langu la kwanza la chini, upande wa kushoto, lilizibwa kwa kizibo cha kijivu zaidi ya miaka 10 iliyopita. Mwezi uliopita nilikuwa nikila mahindi ya kuchoma, ukuta wake wa upande wa ulimi ukavunjika hadi kwenye ufizi. Kwa wiki mbili liliniuma usiku kwa kupwita, na maji baridi yakiligusa maumivu yalikaa dakika kadhaa. Nikapewa amoksilini na metronidazo, na sasa haliumi tena, ila nikitafunia upande huo nahisi kama limeinuka. Daktari wa kwanza alisema ling'olewe kwa shilingi 40,000. Wa pili alipiga picha, akaona kivuli kidogo cheusi kwenye ncha ya mzizi mmoja, akasema mzizi unatibika kwa shilingi 300,000 na kofia ya jino ni shilingi 450,000 zaidi. Gego kama hilo la upande wa kulia niling'oa miaka 6 iliyopita na sikuweka kitu. Sina kisukari wala sivuti sigara. Nimfuate nani? Na kwa kuwa maumivu yamekwisha, je, ninaweza kusubiri hadi mwisho wa mwaka nipate fedha?

Mwalimu, Morogoro

*

Marahaba, Mwalimu.

Huenda madaktari wako hawapingani kama inavyoonekana. Wa pili amejibu swali la iwapo mifereji iliyo ndani ya mizizi inaweza kusafishwa na kuzibwa, na kwa gego la chini la mtu wa umri wako jibu huwa ni ndiyo mara nyingi. Wa kwanza, nionavyo mimi, amejibu swali jingine: mizizi ikishapona, je, juu ya ufizi kutakuwa kumebaki jino la kutosha kushikilia kofia? Swali hilo la pili ndilo linaloamua hatima ya gego lililovunjika vibaya, na mpaka leo hakuna kati yao aliyeweza kulijibu kwa uhakika, kwa sababu kizibo cha zamani na uozo uliojificha chini yake bado havijaondolewa.

Umewahi kuona patasi ya seremala. Kwenye mpini wake huvishwa pete ya chuma, na pete hiyo ndiyo inayouzuia mpini usipasuke unapogongwa kwa nyundo. Kofia ya jino hufanya kazi hiyo hiyo. Haishikwi na gundi peke yake, bali ukingo wake hulizunguka jino zima na kuzibana kuta zilizobaki zisitawanyike wakati wa kutafuna. Ili pete hiyo ipate mahali pa kukumbatia, tunataka jino zima lisilooza, lenye kimo cha milimita 2 hivi juu ya mstari ambapo kofia itaishia, na unene usiopungua milimita 1, tena kuzunguka pande zote. Ukuta mmoja ukiwa mfupi huku mingine mitatu ikiwa mirefu na minene, bado kazi inaweza kufanyika, ingawa si kwa uimara uleule. Kuta mbili au tatu zikiwa sawasawa na ufizi, kofia itakuwa imeegemea gundi na kipande cha kujazia tu, na kwa kawaida hung'oka, au huondoka pamoja na kisiki cha jino.

Kwako ukuta wa upande wa ulimi umeishia kwenye ufizi, na hapo ndipo shaka yangu ilipo. Ukisikia kwamba ufizi unaweza kukatwa kidogo ili jino lionekane zaidi, ni kweli, lakini uelewe mipaka ya jambo hilo. Kati ya mfupa wa taya na ukingo wa kofia panahitajika nafasi ya milimita 3 hivi, ambayo mwili huitumia kuushikiza ufizi kwenye jino. Ukingo wa kofia ukisogezwa karibu zaidi ya hapo, ufizi huvimba na kutoa damu miaka yote, na mfupa hujirudisha chini wenyewe. Kwa hiyo jino likivunjika chini sana, kukata ufizi peke yake hakusaidii, inabidi mfupa nao upunguzwe. Gego la kwanza la chini lina mizizi miwili, wa mbele na wa nyuma, nayo huachana milimita chache tu chini ya shingo ya jino. Ukipunguza mfupa mwingi unaifunua njia panda hiyo, chakula kinajaa humo, na mswaki haufiki. Ukitaka kuliokoa jino kwa njia hiyo unaweza kulipoteza baada ya miaka michache kwa ugonjwa wa fizi.

Ninachokushauri basi ni kumwomba daktari wa pili akupe miadi moja ya uchunguzi, kabla hujalipia matibabu ya mzizi yote. Katika miadi hiyo atakupiga sindano ya ganzi, ataondoa kizibo chote cha zamani na uozo wote, kisha atalikagua jino likiwa limebaki sehemu zake nzima pekee. Kazi hiyo haizidi saa moja. Mwambie mapema kwamba unataka uamuzi ufanywe hapo, na mkubaliane gharama ya miadi hiyo iwapo jino litaonekana halifai. Daktari mzoefu hatachukizwa na ombi hilo, kwa sababu hata yeye hapendi kufanya kazi ya siku mbili juu ya kisiki kitakachong'olewa.

Nitakueleza kwa nini sitosheki na picha peke yake. Niliwahi kuwahudumia wagonjwa wawili katika kipindi kimoja, wote wakiwa na gego la kwanza la chini lililovunjika upande wa ulimi kama lako. Mmoja alikuwa dereva wa basi, na picha yake ilitisha: kivuli kikubwa kwenye ncha ya mzizi na uozo mpana. Tulipoondoa kila kilichooza, kuta tatu zilibaki na kimo cha milimita 4, ule wa ulimi ukawa na milimita 1 juu ya ufizi, na sakafu ya chumba cha kiini, ule uwazi ulio katikati ya jino, ilikuwa safi bila mstari wowote wa ufa. Tulitibu mizizi kwa miadi miwili, tukaweka kofia, na picha ya mwaka uliofuata ilionyesha kivuli kimepungua sana.

Wa pili alikuwa fundi cherehani, na picha yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilikwisha kumpa matumaini kabla ya kulifungua jino, kosa ambalo sijalirudia tangu siku hiyo. Baada ya kuondoa kizibo niliona mstari mwembamba mweusi ukitoka ukuta wa mbele, ukapita katikati ya sakafu, ukaishia ukuta wa nyuma. Nilipopitisha kipimo cha fizi, kijiti chembamba kinachoingizwa kati ya ufizi na jino, kuzunguka jino lote, mahali pote kilizama milimita 2 au 3 kama inavyotarajiwa kwa mtu mwenye fizi nzima, lakini mahali pamoja, mkabala na mstari ule, kilitumbukia ghafla milimita 8. Hiyo ndiyo alama ya jino lililopasuka hadi kwenye mzizi. Hakuna gundi wala kofia inayoliunga, na bakteria hupita kwenye ufa huo kila siku. Tuling'oa siku hiyo hiyo. Ufa wa namna hiyo mara nyingi hauonekani kwenye picha, kwa kuwa picha huonyesha vizuri tu ufa unaolingana na mwelekeo wa miale.

Siku ya uchunguzi muulize daktari wako mambo haya kwa maneno ya kawaida: kila ukuta umebaki na kimo gani, sakafu ina ufa au tundu, na kipimo cha fizi kimezama kiasi gani mahali palipovunjika. Akijibu kwamba kuta tatu ziko juu ya ufizi kwa milimita 2 au zaidi, ule wa ulimi haujashuka chini ya ufizi zaidi ya milimita 1 hivi, hakuna ufa, na kipimo hakizami isivyo kawaida, ningekuwa mimi ningeliokoa. Akisema sehemu iliyovunjika inateremka hadi kwenye mfupa, au kuna ufa sakafuni, ling'oe bila majuto na fedha zako zihifadhi kwa ajili ya jino la kuliziba pengo.

Kwako wewe kuna sababu ya ziada ya kuegemea upande wa kuliokoa, nayo ni lile pengo la kulia. Kwa miaka 6 umekuwa ukitafunia zaidi upande wa kushoto, hata kama hukulifikiria hivyo, na inawezekana kabisa mzigo huo umechangia kulivunja gego hili. Liangalie kwa kioo jino la juu lililokuwa likikutana na lile uliloling'oa: mara nyingi utalikuta limeshuka kuelekea pengoni, na gego lililokuwa nyuma ya pengo limeinama mbele. Ukiling'oa na la kushoto bila kuweka kitu, utabaki bila gego la kwanza la chini pande zote mbili, na hayo ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya kusaga chakula. Kama pengo la kulia lisingekuwapo, au kama jino lililovunjika lingekuwa gego la mwisho, ningezungumza nawe tofauti.

Sasa kuhusu maumivu kwisha, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Ile hali ya maji baridi kuacha maumivu ya dakika kadhaa, na kupwita usiku bila kuguswa, ilimaanisha kwamba kiini cha jino, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kilikuwa kimevimba kiasi cha kutopona tena. Kisha kikafa. Jino lenye kiini kilichokufa halisikii baridi, na mtu hudhani limepona. Kuhisi kwamba limeinuka ukitafuna ni dalili kwamba uambukizo umetoka kwenye ncha ya mzizi na kuingia katika tishu zinazoliegemeza jino kwenye mfupa, na kile kivuli cheusi kinaeleza jambo hilo hilo. Dawa ulizomeza zilifika kwenye damu, lakini ndani ya mfereji uliokufa hakuna damu inayopita, kwa hiyo hazikuwafikia bakteria walio humo. Zilipunguza moto wa nje tu. Kwa maumivu ya jino yasiyo na uvimbe wala homa hata hazikuwa na ulazima, na nakuomba usizirudie kununua dukani maumivu yatakaporejea.

Kutibu mzizi ni kuondoa kilichooza ndani ya mifereji hiyo kwa mikono. Gego lako huwa na mifereji mitatu au minne, miwili katika mzizi wa mbele na mmoja au miwili katika wa nyuma, na ule wa nne ukisahaulika ndio hurudisha usaha baadaye. Daktari hupima urefu wa kila mfereji kwa picha au kwa kifaa cha umeme, kwa kawaida kama milimita 20 kutoka juu ya jino hadi karibu na ncha, kisha huupanua kwa faili nyembamba kama sindano huku akiusafisha tena na tena kwa dawa ya klorini, ndugu wa ile tunayong'arishia nguo nyeupe. Baadaye huujaza kwa utomvu mgumu uitwao gutapacha. Kwa jino lenye kivuli kama lako wapo wanaomaliza kwa miadi mmoja na wapo wanaoacha dawa ya kalsiamu ndani kwa wiki moja au mbili, na njia zote mbili zinakubalika.

Kuna jambo moja ambalo ningelisisitiza kuliko idadi ya miadi: uulize kama atatumia shuka la mpira, kile kipande chembamba kinachotobolewa na kuvishwa jino moja ili lijitenge na mate. Bila hilo mate hurudisha bakteria kwenye mifereji inayosafishwa, klorini inaweza kuunguza koo, na faili ikiponyoka vidoleni inaweza kumezwa. Tena kama jino limevunjika mno hata shuka hilo haliwezi kulishika, hiyo yenyewe ni dalili kwamba kofia nayo haitapata pa kushika.

Hesabu yako ya fedha inahitaji kusahihishwa kidogo. Usilinganishe 40,000 na 300,000. Gharama ya kuliokoa gego hili ni 750,000, kwa sababu matibabu ya mzizi bila kofia kwa gego lililokwisha kupoteza ukuta ni kazi nusu. Jino hilo litakuwa limetobolewa katikati, kuta zake zimebaki nyembamba, na kila unapotafuna zinasukumwa kutawanyika. Nimeona magego mengi yaliyotibiwa mizizi vizuri kabisa yakiletwa yamepasuka katikati baada ya miezi kadhaa, mwenyewe akiwa bado anajiandaa kutafuta fedha za kofia. Kama mzizi utatibiwa, kofia ifuate ndani ya wiki chache. Ikishindikana, muulize daktari kama anaweza kupunguza ncha zote za kutafunia kwa milimita 2 hivi na kuzifunika kwa kizibo imara kinachopanda juu ya kuta zote. Kinga hiyo si sawa na kofia, lakini ni bora mara nyingi kuliko kizibo kilichojazwa katikati, na huweza kukuvusha hadi fedha ipatikane.

Upande wa pili nao una hesabu yake. Hiyo 40,000 ni bei ya kuondoa jino, si ya kuwa na jino. Pengo linaweza kuzibwa kwa meno bandia ya kuvua na kuvaa, ambayo ndiyo nafuu zaidi. Kwa daraja, ambalo hulazimisha meno mawili ya jirani kuchongwa hata kama ni mazima. Au kwa jino la kupandikizwa kwenye mfupa, ambalo kwa kawaida hugharimu kuliko kuokoa lako. Ukiamua kuacha pengo wazi ni haki yako, na watu wengi huishi nalo, ila kwako litakuwa la pili. Iwapo litang'olewa, usishangae daktari akiligawanya jino katikati na kutoa mzizi mmoja mmoja. Kwa gego lililovunjika ni njia ya busara inayohifadhi mfupa. Uume pamba kwa nusu saa, usisukutue siku ya kwanza, na kama siku ya pili hadi ya nne maumivu makali yanaanza upya na shimo linaonekana tupu bila donge la damu, rudi akuoshee na kuweka dawa. Si jambo la hatari, lakini halitulii kwa vidonge pekee.

Limebaki swali lako la kusubiri. Kusubiri mwisho wa mwaka sikushauri, na sababu si maumivu tu. Kila wiki uozo unaendelea kula kuta zilizobaki, nazo ndizo zinazoamua kama jino linaokolewa. Ukuta ulio na milimita 2 leo unaweza kuwa haupo baada ya miezi kadhaa, au kipande kingine kikavunjika ukila mkate. Kama fedha zote hazipo, kuna njia ya katikati. Fanya uchunguzi niliouelezea mapema, na kama jino linafaa, daktari anaweza kusafisha mifereji, kuweka dawa ya kalsiamu na kulifunga kwa kizibo cha muda kilicho imara, kisha mkamalizia kujaza mifereji na kuweka kofia kwa awamu. Hilo linanunua wiki kadhaa, si mwaka, na kizibo hicho kikivunjika au kulegea urudi mara moja, kwa sababu mate yakipenya kazi yote inaanza upya.

Hadi siku ya miadi tafuna kwa meno ya mbele na upande wa kulia kadiri unavyoweza, piga mswaki kwenye sehemu iliyovunjika hata kama ufizi unatoa damu, na ukiona kipele chenye usaha kwenye ufizi usikitumbue. Lakini kama uso au chini ya kidevu patavimba, ukapata homa, mdomo ukashindwa kufunguka vizuri, au kumeza na kupumua kukawa kwa shida, usisubiri miadi wala usipitie duka la dawa. Nenda hospitali ya mkoa saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku, kwa sababu usaha wa magego ya chini unaweza kushuka shingoni na kubana njia ya hewa.